Saa 16 kwa Wiki: Hesabu ya Mhitimu kati ya Mshahara na Kazi za Mtandaoni

Mwanzoni mwa Julai 2025, katika ile baridi ya Mbeya inayomfanya mtu akae na koti hadi saa nne asubuhi, mpwa wangu alifika kwangu Uyole akiwa na vitu viwili mkononi. Cha kwanza kilikuwa barua ya ajira kutoka kampuni moja inayosambaza vifaa vya ujenzi, akitakiwa awe mhasibu msaidizi kwa mkataba wa mwaka mmoja na mshahara wa shilingi 650,000 kwa mwezi. Cha pili kilikuwa daftari. Alikuwa amehitimu shahada ya uhasibu mwaka 2024, na tangu Januari alikuwa akikaa kwenye chumba chake cha kupanga Ilomba akifanya kazi za vitabu vya hesabu kwa wateja wa Marekani kupitia Upwork, jukwaa la mtandaoni linalokutanisha wateja na watu wa kazi. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa ameshatoa hukumu kwamba barua isainiwe kabla ya jua kuzama. Binti naye alikuwa na hoja moja tu, ila nzito: Juni, mwezi uliokuwa umetoka kuisha, alikuwa ameingiza dola 420, ambazo kwa kadirio la shilingi 2,500 kwa dola ni zaidi ya milioni moja. "Sasa mjomba," aliniuliza baada ya shikamoo na chai, "niache milioni nikachukue laki sita na nusu?"

Swali hili linaulizwa kila msimu wa mahafali, kuanzia Mbeya hadi Iringa, na kwa kawaida hujibiwa kwa tabia badala ya hesabu. Wazazi hujibu kwa hofu ya maisha yasiyo na tarehe ya malipo, na vijana hujibu kwa picha ya mwezi mmoja mzuri waliyoiona kwenye hali ya WhatsApp ya mwenzao. Mimi nimeishi na leja kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo niliomba daftari. Ninachoandika hapa kimetoka humo, kwa ruhusa yake, na hitimisho nililolipata halikuwa lile nililolitarajia nilipofungua ukurasa wa kwanza.

Tuanze na barua, kwa kuwa ndiyo rahisi. Mshahara wa 650,000 hauji nyumbani wote. Mchango wa NSSF wa asilimia 10 unaondoa 65,000, na kodi ya mapato hukokotolewa kwenye kinachobaki, yaani 585,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi chochote, kipande kinachofuata hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, na kinachozidi hapo hadi 760,000 hutozwa asilimia 20, kwa hiyo kodi yake inafika 33,000. Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni 97,500. Kinachoingia benki ni 454,500, na hapo ndipo vijana wengi hukata tamaa na kusema mshahara ni mdogo. Lakini mwajiri naye anaongeza 65,000 nyingine NSSF kwa jina la mfanyakazi, na deni la Bodi linapungua kila mwezi bila mdaiwa kukumbushwa. Ukijumlisha fedha ya mkononi, akiba ya uzeeni ya pande zote mbili na deni lililolipwa, thamani ya mwezi huo kwake ni 682,000. Kwa wiki ya kazi ya saa 45, ambayo ndiyo kikomo cha kawaida cha sheria yetu ya ajira, mwezi una saa 195, kwa hiyo kila saa inamlipa takribani shilingi 3,500.

Daftari lilikuwa na habari ndefu zaidi. Januari aliingiza sifuri. Februari dola 60, Machi 110, Aprili 340, Mei 90, na Juni 420. Jumla ni dola 1,020 kwa miezi sita. Upwork ilikata asilimia 10 kwenye mikataba yake, yaani dola 102. Kisha kulikuwa na gharama ambayo asiyewahi kuifanya kazi hii haijui: ili uombe kazi kwenye jukwaa hilo unatumia vipande vinavyoitwa Connects, ambavyo huuzwa senti 15 za dola kila kimoja, na ombi moja laweza kumeza kumi, kumi na mbili, hata kumi na sita. Alituma maombi 66 na kununua Connects za dola 120, ambazo ni shilingi 300,000 zilizotoka mfukoni, nyingi kati yake kabla hajaona hata dola ya kwanza, na fedha hiyo ilikopwa kwa mama yule yule aliyetaka barua isainiwe. Kutoa fedha kupitia Payoneer hadi benki ya hapa kulimgharimu kama dola 30. Zikabaki dola 768, sawa na shilingi 1,920,000. Toa bando na umeme wa shilingi 60,000 kila mwezi, unabaki na 1,560,000, ambazo ukizigawa kwa sita unapata 260,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo milioni ya Juni, ikiwekwa pamoja na ndugu zake watano, inakuwa laki mbili na sitini. Dada yangu aliposikia namba hiyo alifunga mjadala na kuanza kukusanya vikombe. Mimi nilimwomba asubiri, kwa sababu binti huyu alikuwa amefanya jambo ambalo wahasibu wenye miaka mingi kazini hawalifanyi: pembeni ya kila siku aliandika saa.

Saa alizolipwa zilikuwa 170 kwa miezi yote sita, kwa wastani wa dola 6. Saa ambazo hakulipwa zilikuwa 240: kama 50 za kuandika maombi, 40 za majaribio, mazungumzo na kurekebisha kazi, na 150 za kujifunza programu ya uhasibu ya QuickBooks Online pamoja na namna Wamarekani wanavyopanga akaunti zao. Jumla ni saa 410. Gawa 1,560,000 kwa saa hizo, ukizihesabu zote, zikiwemo zile za kujifunza, na unapata shilingi 3,800 kwa saa. Kabla ya kodi, hiyo ni juu kidogo ya saa ya ajira.

Hapa ndipo nilipobadili mawazo. Nilikuwa nimeamini, kama wengi wa rika langu, kwamba tatizo la kazi za mtandaoni kwa anayeanza ni malipo duni. Daftari linasema malipo ya saa hayakuwa mabaya. Tatizo ni kwamba saa zinazouzika ni chache mno. Saa 410 kwa wiki 26 ni kama saa 16 kwa wiki, na katika hizo zilizolipwa hazikufika saba. Siku nyingine zote mhitimu yuko chumbani, amevaa, kompyuta iko wazi, akiangalia kama kuna aliyejibu. Anajiona yuko kazini na majirani wanamwona hana kazi, na kwa kipimo cha saa wote wawili wana ukweli wao.

Kama ndivyo, basi swali la "ajira au mtandaoni" limeulizwa vibaya kwa mtu aliye kwenye miezi yake ya kwanza, kwa sababu linachukulia kwamba kazi hizi mbili zinagombania saa zile zile. Hazigombanii. Kazi ya mtandaoni ya anayeanza inaenea kwenye saa 16, na saa 16 ni jioni nne za saa mbili na nusu pamoja na alasiri ya Jumamosi. Saa za dunia nazo zinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Mfanyakazi wa Mbeya anayetoka kazini saa kumi na moja, akapanda daladala na kufika Ilomba saa kumi na mbili, anafungua kompyuta wakati New York ni saa tano asubuhi katika miezi yao ya joto, na saa nne katika miezi yao ya baridi. Mteja yuko mezani, ameshakunywa kahawa yake, na anatuma ujumbe. Kukaa nyumbani mchana kutwa hakumwongezei kijana wa uhasibu wateja wa Marekani, kwani mchana wetu wao wamelala. Alichokipoteza mpwa wangu kwa kukaa nyumbani miezi ile sita, kama ajira kama hii ingekuwepo tangu Januari, ni 454,500 mara sita, yaani 2,727,000 za mkononi, na alizipoteza ili alinde saa ambazo alikuwa hazitumii.

Naomba niseme wazi kwamba hoja hii haitoshi peke yake, kwa kuwa kijana hatazami miezi sita tu, anatazama atafika wapi. Na kwenye suala la kukua, daftari lilikuwa upande wake.

Angalia sababu za kupanda na kushuka kule. Aprili ilipanda kwa sababu alipata mteja mwenye vitabu vilivyolala miezi tisa bila kuandikwa, akavisafisha vyote. Mei ilishuka kwa sababu wakati anavisafisha hakutuma ombi hata moja, na ombi lisilotumwa Aprili ni njaa ya Mei. Ongeza kwamba malipo yenyewe hayaji siku kazi inapoisha. Kwa kazi ya saa, Upwork hufunga wiki Jumapili na fedha huwa tayari kutolewa kama siku kumi baadaye, na kwa kazi ya bei moja mteja ana siku 14 za kuikagua, kisha zinafuata siku nyingine tano za kusubiri. Kwa hiyo mawimbi ya kazi hugeuka mawimbi makubwa zaidi ya fedha, na anayelipa kodi ya chumba tarehe mosi huyahisi yote.

Lakini Juni haikuwa kama Aprili, ingawa namba zinafanana. Dola 270 za Juni zilikuwa za usafishaji mwingine wa mara moja. Dola 150 zilizobaki zilitoka kwa mteja wa kila mwezi, mwenye duka dogo la samani, ambaye hulipa kiasi hicho kila mwezi ili vitabu vyake viwe sawa. Na hapa kuna jambo ambalo ni lazima ulione kwa karibu. Mwezi wa kwanza kazi ya mteja huyo ilimchukua saa 25, maana kila muamala uliotoka benki alikuwa akiupanga kwa mkono: huu ni mafuta, huu ni usafirishaji, huu ni ada ya kadi. Kadiri alivyomjua, aliweka kanuni ndani ya QuickBooks Online zinazotambua majina ya wauzaji na kuyapanga zenyewe, akabaki na kazi ya kukagua na kusuluhisha salio la benki. Mwezi wake wa tatu, yaani Agosti, saa zilikuwa 14. Malipo yale yale, dola 150, yametoka dola 6 kwa saa hadi karibu 11, na hakuna mtu aliyeombwa nyongeza.

Ajira haina mlango huo. Mhasibu msaidizi anayemaliza kazi yake kwa nusu ya muda huongezewa kazi ya mwenzake. Mshahara wake hupanda pale mwajiri anapopenda, au pale anapohama, na wahasibu wa kampuni binafsi za huku kwetu wanaifahamu njia hiyo ya pili kuliko ya kwanza. Ndiyo maana siwezi kuungana na dada yangu kusema kwamba ajira ni ajira na mengine ni mchezo. Kwenye mshahara ukuaji unakaa katika ujuzi zaidi kuliko fedha: kufunga mwezi chini ya mtu mwenye uzoefu, kuwahi kodi ya mishahara tarehe 7 na ritani ya VAT tarehe 20, kusimama mbele ya mkaguzi na kueleza kwa nini risiti ya EFD haipo. Mteja wa samani hatamfundisha hayo, na mtu anayetaka siku moja kuwa mhasibu kamili anayahitaji.

Sasa, ni nini hasa kinachomwezesha kijana kupata mteja wa kila mwezi badala ya kazi za mara moja? Nilirudi kwenye maombi yake 66. Yale ya Januari na Februari yalikuwa ya kila kitu: kuingiza data, kunakili sauti, hata kutafuta anwani za barua pepe, kwa dola 3 kwa saa. Alikuwa anahitaji fedha ya wiki ile. Anayehitaji fedha ya wiki hii hawezi kuchagua mteja atakayemlipa mwaka mzima. Hukubali aliyepo, hufanya kazi ambayo haimjengi, na historia yake kwenye jukwaa huonekana kama ya kibarua wa kila shamba. Mteja mwenye vitabu vya kutunza huisoma historia hiyo na kupita. Kwa maneno mengine, ukuaji wa kazi ya mtandaoni unategemea uwezo wa kukataa, na uwezo wa kukataa hununuliwa na fedha inayotoka mahali pengine. Mshahara, kwa mtazamo huu, ndio unaogharamia ukuaji wa kazi ya mtandaoni.

Ushauri wangu ukawa hivyo: asaini, aendelee na mteja wa samani jioni, na asiombe tena kazi yoyote isiyo ya vitabu. Alisaini. Mama yake alidhani ameshinda.

Kuna mipaka ambayo nisingeitaja ningekuwa ninadanganya. Wa kwanza ni kwamba si kila ajira inaacha saa 16. Namfahamu kijana wa Kihesa, Iringa, aliyepata kazi kwenye kiwanda cha mbao upande wa Mafinga kwa mshahara unaokaribiana na huo. Anaingia alfajiri, anatoka usiku, anakaa kambini ambako mtandao huja na kuondoka, na Jumapili anafua. Ajira ya namna hiyo inalipa, lakini haigharamii kitu kingine chochote, na kama haifundishi ujuzi mpya basi miaka miwili baadaye kijana yuko pale pale akiwa amechoka zaidi. Kabla ya kusaini, swali la muda wa kutoka lina uzito sawa na swali la mshahara, na wa kuulizwa ni wafanyakazi waliopo. Anayekufanyia usaili ana jibu lake tayari.

Wafanyakazi hao hao waulizwe pia mshahara wa miezi mitatu iliyopita uliingia tarehe ngapi. Tunaposema ajira ina uhakika tunachukulia kwamba tarehe 25 ni tarehe 25, ilhali zipo kampuni za kutosha huku ambako tarehe 25 huangukia tarehe 12 ya mwezi unaofuata. Mimi mwenyewe, ujanani, nilikatwa mchango wa uzeeni miezi minane na mwajiri ambaye hakupeleka hata shilingi moja, na niligundua tu nilipokwenda kuuliza taarifa yangu kwenye mfuko. Mhitimu aombe namba yake ya uanachama mwezi wa kwanza na kuangalia michango mwezi wa tatu. Ikiwa haipo, ile thamani ya 682,000 niliyoikokotoa juu si yake.

Mpaka mwingine aligongana nao Septemba. Mhasibu hana mwisho wa mwezi mmoja akiwa na kazi mbili. Kampuni ilitaka vitabu vya Agosti vifungwe wiki ya kwanza, na mteja wa samani alitaka vyake wiki hiyo hiyo. Kwa siku nne alilala saa tatu tu kila usiku, akachelewesha za mteja siku mbili, na katika uchovu huo alirekodi mkopo ulioingia benki kama mauzo. Mteja aliona mwenyewe, akasema kwa upole, lakini alisema. Tangu hapo anaandika vitabu vya wateja kila Jumamosi, wiki kwa wiki, ili mwisho wa mwezi ubaki usuluhishi wa saa mbili tu. Pia alimwonyesha meneja kipengele cha mkataba kinachozungumzia kazi za nje na kuomba ruhusa kwa maandishi, akaipata kwa sharti kwamba asitumie kompyuta ya kampuni wala kumhudumia mshindani wao. Wengi hukwepa hatua hii kwa woga, kisha hufukuzwa kwa kosa la kuficha wakati kazi yenyewe isingewafukuzisha.

Halafu ikaja Oktoba. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, mpwa wangu alikuwa bado chuoni na lililomuumiza ni kushindwa kupakua notisi. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, alikuwa na wateja wawili wa kila mwezi na mmoja wa kila wiki, na hakuwa na njia ya kumwambia yeyote kati yao kwa nini amenyamaza. Mtandao uliporudi alikuta wawili wamesubiri na yule wa wiki amefunga mkataba. Mshahara wa Oktoba ulikuwa umeshaingia tarehe 27. Bila mshahara huo, Novemba, ambayo mtandaoni ilimletea kidogo, ingemrudisha kwenye kuomba kazi za dola 3.

Je, lini basi aache ajira? Hapa napenda namba moja kuliko maelezo mengi, na tuliitafuta pamoja. Mshahara wa 650,000 pamoja na nyongeza ya mwajiri NSSF ni 715,000, na kiasi hicho kinabeba kodi, akiba na deni ambavyo akijitegemea atavilipa mwenyewe, maana TRA na Bodi ya Mikopo hawamsahau mtu kwa kuwa hana ofisi. Ongeza 60,000 za bando na umeme, inakuwa 775,000, yaani dola 310. Ili abaki na 310 baada ya asilimia 10 ya jukwaa anahitaji 344. Weka Connects na gharama za kutoa fedha, inafika kama 365. Mwisho, sheria inampa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na anayejitegemea akipumzika halipwi na mtu, kwa hiyo miezi kumi na moja lazima ilipe kumi na miwili. Hapo tunafika dola 400.

Dola 400 ndizo zinazolingana na barua ile ya ajira. Juni, mwezi uliompa kiburi chote kile, ilivuka mstari huo kwa dola 20, mara moja. Na kipimo changu si wastani wa dola 400, ni mwezi mbaya kuliko yote katika sita ya mwisho, kwa kuwa mwenye nyumba wa Ilomba hapokei wastani. Juu ya hapo pasiwe na mteja mmoja anayebeba zaidi ya nusu ya mapato, kwani mwenye mteja mmoja mkubwa ni mwajiriwa asiye na likizo, asiye na notisi na asiye na kiinua mgongo.

Natambua kwamba wasomaji wengi hawana barua yoyote mkononi, na kwao hesabu yote hii inaonekana ya anasa. Kanuni inabaki ile ile: tafuta sakafu, hata kama si ajira. Mwanjelwa imejaa wafanyabiashara wanaoweka risiti kwenye mfuko wa rambo hadi mwisho wa mwaka. Watatu kati yao wakilipa 50,000 kila mmoja kwa mwezi ili risiti zipangwe na leja iandikwe, hiyo ni 150,000 inayorudi kila mwezi bila Connects wala Payoneer, na bando lake ni nauli ya daladala. Mhitimu asijiite mshauri wa kodi, maana huyo husajiliwa, lakini kupanga vitabu chini ya uangalizi wa mhasibu aliyesajiliwa kunamjengea pia kitu cha kumwonyesha mteja wa mbali. Kwa fani nyingine namba hubadilika. Mtengenezaji wa programu anaweza kupata mkataba mmoja unaolipa kwa mwezi alichokipata mpwa wangu kwa miezi sita, na huyo saa 16 humwishia mapema zaidi, kwa hiyo mgongano wake na ajira utakuja haraka.

Mpwa wangu sasa ana wateja wawili. Wa samani amepandishwa kutoka dola 150 hadi 180 tangu Januari, na hakulalamika. Mwingine, mwenye kampuni ya kufanya usafi wa ofisi, analipa 120. Jumla ni 300, na wa samani anabeba asilimia 60. Kazi ya dola 3 hajaigusa tangu Septemba. Mkataba wake wa kwanza na kampuni unaisha 30 Juni 2026, naye amepanga kuuliza kama wanaweza kumhuisha kwa siku tatu za wiki badala ya sita, jambo ambalo mama yake bado hajaambiwa.